Kwa nini selimundu haitoweki? Jibu liko kwenye hesabu ya Musoma

Msomaji, wiki hii nianze na swali niliyoulizwa kliniki na mama mmoja aliyemleta mtoto wake wa miaka minne. Mtoto alikuwa amelazwa mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja kwa maumivu ya mifupa na upungufu wa damu. Tulipomaliza mambo ya dawa, mama akaniuliza: "Daktari, bibi yangu alizika watoto wawili kwa ugonjwa huu kabla hawajafika shule. Kama unawaua watoto namna hiyo hata hawafiki umri wa kuzaa, mbona hauishi? Unatoka wapi tena?"

Ni swali la maana sana. Ugonjwa wa kurithi unaomuua mtoto kabla hajazaa unapaswa kupungua wenyewe, kwa kuwa kila anayekufa anaondoka na vinasaba vyake. Kwa mwendo huo, kinasaba cha selimundu kingekuwa kimebaki cha kutafutwa kwa tochi. Lakini kuna vijiji kandokando ya Ziwa Victoria na Pwani ambako mtu mmoja kati ya watano anacho. Lazima kuna kitu kinachokirudisha kila kinapopungua.

Kabla sijafika huko, tuwekane sawa kwenye herufi zile unazoziona kwenye majibu ya maabara. Kila mtu ana nakala mbili za kinasaba kinachotengeneza hemoglobini, ile protini inayoipa damu rangi nyekundu na kubeba hewa ya oksijeni. Nakala moja umeipata kwa baba, nyingine kwa mama. Nakala ya kawaida tunaiita A, ya selimundu tunaiita S. Mwenye AA ana nakala mbili za kawaida. Mwenye AS ana moja ya kila aina. Huyu tunamwita mbebaji, na si mgonjwa. Mwenye SS amepata S kwa baba na S kwa mama, na huyo ndiye mgonjwa wa selimundu. Chembe zake nyekundu za damu zikipungukiwa oksijeni hujikunja na kuwa na umbo la mundu, zinakuwa ngumu, zinaziba mishipa midogo, na zinavunjika mapema.

Sasa twende kwenye historia kidogo. Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alikuwa anasomea udaktari Oxford. Alirudi Kenya na msafara wa chuo uliokwenda Mlima Kenya, akatumia nafasi hiyo kukusanya sampuli za damu za watu wa makabila mbalimbali. Alichokiona kilimshangaza. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wabebaji wa selimundu. Huko nyanda za juu, katikati ya sehemu hizo mbili, hakupata hata mmoja katika 100. Watu wa Pwani na watu wa Ziwani hawana undugu wa karibu, lugha zao ni tofauti, lakini wana kitu kimoja kwa pamoja: mbu na malaria. Nyanda za juu kulikuwa na baridi na malaria ilikuwa chache.

Alirudi tena mwaka 1953 kuthibitisha. Moja ya majaribio yake yalikuwa ya kuwaambukiza vimelea vya malaria wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, 15 wakiwa AA na 15 wakiwa AS. (Jaribio kama hilo leo lingepata maswali magumu sana kwenye kamati ya maadili, lakini ndivyo lilivyofanyika.) Katika wale 15 wa AA, vimelea vilionekana kwenye damu ya 14. Katika wale 15 wa AS, vilionekana kwa wawili tu. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake: mbebaji ana kinga dhidi ya malaria kali, na kinga hiyo ndiyo inayokilinda kinasaba cha selimundu kisipotee.

Je, kinga hiyo inafanyaje kazi? Kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kuishi humo, kikila hemoglobini na kutumia oksijeni. Kwenye chembe ya mtu wa AS, karibu theluthi moja au zaidi kidogo ya hemoglobini ni ya aina ya S. Katika hali ya kawaida haimletei shida. Lakini chembe iliyoingiwa na kimelea inapopungukiwa oksijeni, hujikunja kirahisi, na bandama, ambayo kazi yake moja ni kuchuja chembe zilizoharibika, inaiondoa pamoja na mgeni wake. Pia kimelea chenyewe hakikui vizuri humo, na chembe iliyoathirika hainatani sana kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, jambo ambalo ndilo linaleta ile malaria ya degedege na kupoteza fahamu.

Utafiti uliofanyika Kilifi, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2005, ulipima kinga hii kwa watoto. Mtoto wa AS alikuwa na hatari pungufu kwa karibu nusu ya kupata malaria ya kawaida, pungufu kwa asilimia 75 ya kulazwa kwa malaria, na pungufu kwa karibu asilimia 90 ya kupata malaria kali. Ona mpangilio huo. Kinga haimzuii mbu kukuuma, wala haizuii kabisa homa. Inachozuia zaidi ni kufa.

Sasa hesabu niliyoahidi kwenye kichwa cha habari. Usiogope, ni ya kugawanya na kuzidisha, unaweza kuifanya kwa simu yako.

Allison alipima damu huko wilaya ya Musoma, ikiwa bado Tanganyika, na matokeo yakachapishwa mwaka 1956. Alipima watoto wachanga 287. Waliokuwa AA ni 189, AS ni 89, na SS ni 9. Kisha akapima watu wazima 654 wa eneo hilohilo. AA walikuwa 400, AS 249, na SS 5 tu.

Idadi ya watoto na ya wakubwa hazilingani, kwa hiyo tugeuze zote ziwe katika kila watu 1,000. Kwa watoto wachanga: AA 659, AS 310, SS 31. Kwa watu wazima: AA 612, AS 381, SS 7.6. (Hakuna sehemu ya mtu, najua, ni hesabu tu.)

Tazama kilichotokea kati ya uchanga na utu uzima. Wenye SS wamepungua kutoka 31 hadi chini ya 8, na hilo kila mtu angelitegemea. Lakini wenye AA nao wamepungua, kutoka 659 hadi 612, ingawa hawana ugonjwa wowote wa damu. Waliopanda ni wenye AS peke yao, kutoka 310 hadi 381. Hakuna aliyebadilika kutoka AA kuwa AS. Damu hairudi nyuma wala kwenda mbele. Fungu la AS limekua kwa sababu kwenye mafungu mengine watu wamekufa zaidi. Ukiwa na kuku kumi weupe na kumi weusi, kideri kikapita na kuua weupe sita na weusi wawili, weusi wameongezeka kwenye banda lako bila hata mmoja kuanguliwa.

Ili kujua nani amenusurika kwa kiasi gani, gawanya fungu la wakubwa kwa fungu la watoto. Kwa AA ni 612 kugawanya kwa 659, unapata 0.93. Kwa AS ni 381 kugawanya kwa 310, unapata 1.23. Kwa SS ni 7.6 kugawanya kwa 31, unapata karibu 0.24. Waliofanya vizuri zaidi ni AS, kwa hiyo wao tuwape alama 100 na wengine tuwapime kwao. AA wanapata 0.93 kugawanya kwa 1.23, yaani 76. SS wanapata 0.24 kugawanya kwa 1.23, yaani karibu 20.

Kwa Kiswahili cha kawaida: kama mafungu matatu yangeanza na watoto idadi sawa, basi kwa kila AS 100 waliofika utu uzima Musoma ya wakati ule, AA waliofika ni 76 na SS waliofika ni 20. Wale 24 wa AA waliokosekana wengi wao tunaamini walichukuliwa na malaria. Wale 80 wa SS walichukuliwa na selimundu pamoja na maambukizi yanayoiandama, malaria ikiwemo.

Sasa tufike kwenye kiini cha swali la yule mama. Acha kuwafikiria watu kwa muda, fikiria nakala za kinasaba zenyewe, kana kwamba kila nakala ni msafiri anayepanda boti ya watu wawili bila kumchagua mwenzake. Nakala ya S ikikutana na A, imepona, iko ndani ya mtu mwenye nguvu. Ikikutana na S mwenzake, iko kwenye boti inayozama mara 80 katika 100. Nakala ya A nayo ikikutana na S iko salama. Ikikutana na A mwenzake, inazama mara 24 katika 100 kwa malaria.

Tuseme kwenye kijiji S ni chache, nakala 5 tu katika kila 100. Basi S itakutana na S mwenzake mara 5 tu katika 100, na hasara yake ni asilimia 5 ya 80, yaani 4. A inakutana na A mara 95 katika 100, hasara yake ni asilimia 95 ya 24, yaani karibu 23. S inapoteza 4, A inapoteza 23. Kizazi kinachofuata S itakuwa imeongezeka.

Igeuze. Tuseme S ni nyingi, nakala 40 katika 100. Sasa S inakutana na mwenzake mara 40, hasara yake ni asilimia 40 ya 80, yaani 32. A inakutana na A mara 60, hasara yake ni asilimia 60 ya 24, yaani 14. Safari hii S ndiyo inayopoteza zaidi, itapungua.

Kwa hiyo S ikiwa chache inapanda, ikizidi inashuka. Katikati kuna mahali ambapo hasara zinalingana, na hapo ndipo inapotulia. Mahali hapo unapapata kwa kuchukua hasara ya AA na kuigawanya kwa jumla ya hasara zote mbili:

24 ÷ (24 + 80) = 0.23

Yaani nakala 23 katika kila 100. Hakikisha mwenyewe: asilimia 23 ya 80 ni 18.4, na asilimia 77 ya 24 ni 18.5. Zimelingana.

Je, Musoma halisi ilikuwa wapi? Watu wazima 654 wana nakala 1,308. Wale 249 wa AS wanatoa S 249, na wale watano wa SS wanatoa S 10, jumla 259. Gawanya kwa 1,308, unapata karibu asilimia 20. Hesabu ilisema 23, kijiji kikasema 20. Kwa maisha ya watu wenye kuhama, kuolewa mbali na kufa kwa mambo mengine mengi, hiyo si mbaya hata kidogo.

Lakini nisikuuzie hesabu kwa bei isiyo yake. Watoto wale 287 hawakufuatiliwa hadi wakawa wakubwa. Allison alipima watoto na wakubwa wa siku hizohizo, na sisi tunachukulia kwamba wakubwa walizaliwa kwa mafungu yaleyale. Tena watoto wa SS walikuwa tisa tu. Wangekuwa kumi na wawili, ile alama ya 20 ingeshuka mpaka karibu 15. Kwa hiyo shika mwelekeo wa hesabu, usiapie tarakimu zake. Mwelekeo huo umeonekana tena na tena katika nchi nyingi zenye malaria.

Nadhani sasa umeliona jibu. Bibi yule aliyezika watoto wawili, huenda alikuwa na watoto wengine watatu au wanne waliovuka malaria za utotoni kwa sababu walikuwa AS. Hao ndio walioleta wajukuu, na S imekuja nao. S inayokufa na mtoto wa SS inafidiwa na S inayopona ndani ya ndugu zake. Hakuna laana ya ukoo hapo. Na kwa wale wanaomtupia mama lawama, maana hilo nalisikia kila wiki, wifi na wakwe wakisema ugonjwa umetoka kwa mke: haiwezekani mtoto awe SS bila baba kutoa S yake pia.

Hapa ndipo watu wanapoteleza, na kuteleza huku kunaua. Mzazi amesikia "selimundu inakinga malaria", anarudi nyumbani na kumwondolea mtoto wake mgonjwa chandarua. Kinga niliyoieleza ni ya AS. Mtoto wa SS hana nafasi hiyo. Bandama yake, ile ile inayomsaidia mbebaji kuchuja chembe zenye vimelea, huharibika mapema kwa kuzibwazibwa na chembe zake zenyewe. Na damu yake iko chini tayari. Malaria ikivunja chembe nyingine, anashuka mpaka kwenye hatari kwa siku moja. Tafiti za Kilifi na za Muhimbili zimeonyesha kwamba watoto wa SS hawaugui malaria mara nyingi kuliko wengine, lakini wanapoipata, wanaishiwa damu vibaya na wengi zaidi hufa. Ndiyo maana mtoto huyu anatakiwa alale kwenye chandarua chenye dawa kila usiku, apewe dawa ya kuzuia malaria atakayoipanga daktari wake, na homa yoyote ya nyuzi 38 na kuendelea apelekwe hospitali siku hiyohiyo, usiku ukiwemo.

Mwenye AS naye asibweteke. Utafiti wa Kilifi uliomwonyesha ana kinga ndio huohuo ulioonyesha kwamba malaria ya kawaida bado inampata nusu ya anavyopata mwenzake. Tena utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha watoto wa Kenya na Gambia, umeonyesha kwamba kuna vimelea vyenye mabadiliko fulani ambavyo kinga ya AS haivizuii ipasavyo. Malaria nayo ina vinasaba, nayo inajifunza. Homa ni homa, kapime.

Nimewahi pia kuulizwa na baba mmoja msomi: kama S inasaidia, kwa nini tunapigia watu kelele wapime kabla ya kuoana? Si tuiache ifanye kazi yake? Nikamrudisha kwenye ile hesabu. Kinga ya AS inalipiwa. Watoto 31 katika kila 1,000 waliozaliwa Musoma walikuwa SS, na ndio waliokuwa wanalipa. Chandarua na dawa mseto vinampunguzia mtoto wa AA hatari ya malaria bila mtoto mwingine kulipa chochote. Kinasaba hakina nia njema wala mbaya. Kilishinda kwa sababu wakati ule hapakuwa na chandarua.

Na hapo tunaingia kwenye mambo ya leo. Vipimo vya kitaifa vya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania vilikuta vimelea vya malaria kwa karibu asilimia 18 mwaka 2008, na kwa karibu asilimia 8 mwaka 2022. Ile hasara ya 24 upande wa AA imepungua sana. Mizani imelegea. Je, selimundu nayo itapungua kwa kasi hiyo?

Hapana, na ukifanya hesabu utaona kwa nini. Chukua hali ya juu kabisa: malaria imekwisha kesho asubuhi, na watoto wote wa SS, Mungu apishe mbali, hawafiki utu uzima. S inaanza ikiwa nakala moja katika kila tano, kama Musoma ile. Hesabu inatoa mfululizo rahisi kuukumbuka: kizazi kijacho itakuwa moja katika sita, kinachofuata moja katika saba, kisha moja katika nane. Kuipunguza kwa nusu tu, ifike moja katika kumi, kunahitaji vizazi vitano. Tukihesabu miaka 25 kwa kizazi, ni miaka 125. Kuipunguza nusu tena, ifike moja katika ishirini, kunahitaji vizazi kumi vingine, miaka 250. Inapozidi kuwa chache ndivyo inavyozidi kuwa ngumu kuipata, kwa sababu karibu yote imejificha ndani ya wabebaji wazima wasioumwa kitu. Marekani, ambako watu wenye asili ya Afrika hawaishi na malaria tena, mmoja kati ya kumi na wawili au kumi na watatu wao bado ni mbebaji.

Kwa bahati nzuri hata hiyo hali ya juu si ya kweli, kwa sababu watoto wa SS leo wanakua. Penisilini ya kila siku kwa wadogo, chanjo, kinga ya malaria na dawa ya haidroksiyurea vimebadilisha maisha yao. Nina wagonjwa wangu walioajiriwa, walioolewa, wenye watoto. Hilo linafanya S ipungue taratibu zaidi, na sioni tatizo lolote hapo. Linachomaanisha kwa wapangaji wa bajeti ni kwamba malaria ikizidi kushuka, kliniki za selimundu zitajaa zaidi, kwa kuwa watoto waliokuwa wanakufa wakiwa na miaka miwili huku cheti kikiandikwa "malaria" au "upungufu wa damu" sasa watafika miaka kumi, ishirini, arobaini. Mikoa ya Kanda ya Ziwa ingepaswa kuwa inajiandaa tangu jana.

Kwa wewe mzazi au kijana unayetarajia kuoa au kuolewa, hesabu ya kijiji haikusaidii sana. Inayokuhusu ni ya nyumbani kwako. Mkiwa AS wote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Kila mimba, narudia. Kuzaa mtoto mmoja mgonjwa hakumaanishi watatu wanaofuata watakuwa wazima. Mimba haikumbuki iliyotangulia. Mmoja akiwa AS na mwingine AA, hamtapata mtoto wa SS, ingawa nusu yao wanaweza kuwa wabebaji kama mzazi wao.

Uwe mwangalifu na aina ya kipimo. Kile cha bei nafuu cha kuangalia kama chembe zinajikunja kinasema tu kwamba S ipo au haipo. Hakitofautishi AS na SS. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza hata kusema hakuna kitu, kwa sababu bado ana hemoglobini ya tumboni inayoificha S, na ndiyo maana vilevile mtoto wa SS huonekana mzima kabisa miezi ya mwanzo, kisha vidole vinaanza kuvimba. Omba kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, na jibu liandikwe kwa herufi: AA, AS, SS. Ukiandikiwa "chanya" peke yake, rudi uulize chanya ya nini.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba karatasi nimwandikie zile herufi. Mumewe hajawahi kupimwa. Yeye mwenyewe aliambiwa "chanya" wakati wa ujauzito na hakuna aliyemweleza zaidi. Wamepangiwa kuja wote wawili Jumanne ijayo, na mdogo wake wa kike anayetarajia kuolewa mwezi Desemba amesema atakuja nao, na mchumba wake.